Dawa ya kila siku ya kuzuia migreni: namna ya kuianza na namna ya kuipima

"Dokta, mimi sina tansio. Sasa munanipa dawa ya tansio ya nini?" Hilo ndilo swali la kwanza. La pili huja baada ya wiki moja: "Nimekunywa siku tano, kichwa bado kinauma, nikaacha." La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa: "Mtoto wangu amenisomea karatasi iliyo ndani ya boksi. Imeandikwa ni dawa ya watu wenye huzuni. Munafikiri nina ugonjwa wa akili?"

Sisi tunaokaa kwenye meza ya kupima tansio hapa Lubumbashi tunayasikia maswali haya matatu kutoka Katuba mpaka Ruashi, kwa maneno yaleyale. Basi haya ni majibu, yamepangwa kwa hatua, kwa mtu ambaye migreni inamrudia mara nyingi na ameambiwa, au anataka kuuliza, juu ya dawa ya kunywa kila siku.

Kwanza tuelewane juu ya jambo moja. Kuna dawa ya kutuliza, ambayo unameza kichwa kikianza, na kuna dawa ya kuzuia, ambayo unameza kila siku hata siku ambayo kichwa hakiumi kabisa. Ya pili haitulizi maumivu ya leo. Kazi yake ni kupunguza idadi ya siku mbaya katika mwezi, na inaifanya polepole. Karibu dawa zote za aina hii zilitengenezwa kwa ugonjwa mwingine, kisha ikaonekana kwamba zinapunguza pia migreni. Propranololi ni ya moyo na tansio, amitriptilini ni ya huzuni, topiramati na valproati ni za kifafa. Ukipewa amitriptilini ya migreni, kipimo chake huwa kidogo kuliko kile cha kutibu huzuni. Hakuna aliyekuandikia kichaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda

Chukua kaye ndogo na kalamu. Simu pia inafaa, lakini kaye haiishiwi umeme.

Kusanya plakete za kila dawa unayomeza, hata zilizokwisha, hata zile za kununua moja moja kwa muuzaji wa sokoni ambazo hazina jina unalolijua. Usimwambie daktari "nakunywa zile nyeupe". Mletee.

Jua majibu ya maswali haya: umewahi kuwa na pumu, hata utotoni? Una kisukari? Moyo umewahi kukusumbua, au umewahi kuzimia? Kwa mama: una mimba, unanyonyesha, unapanga kuzaa, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango? Maswali ya uzazi yanawaudhi wengi waliokuja kwa ajili ya kichwa, lakini ndiyo yanayobadilisha dawa kuliko mengine yote. Utaona sababu kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Hesabu siku, mwezi mzima

Kabla ya dawa yoyote ya kuzuia, andika mwezi mmoja. Kila jioni mstari mmoja: tarehe, kichwa kimeuma au la, kama kimeuma, je, uliweza kufanya kazi au ulilala, umemeza nini na ngapi. Mama aandike pia siku za hedhi. Inatosha.

Usiandike hadithi. Kaye zenye hadithi ndefu huishia tarehe 6. Mstari wenye maneno manne utafika mwisho wa mwezi.

Siku unayohitaji kuitambua ni siku ya migreni yenyewe: maumivu ya kugongagonga, mara nyingi upande mmoja, yanayozidi ukitembea au ukipanda ngazi, pamoja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Bila dawa hukaa kuanzia saa 4 hadi saa 72. Weka alama ya M pembeni ya siku hiyo. Siku za kichwa kizito cha kawaida ziache bila alama.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu daktari huanza kufikiria dawa ya kila siku pale siku za migreni zinapofika nne au zaidi kwa mwezi, au zikiwa chache lakini zinakulaza kabisa. Na zaidi ya hapo, miezi mitatu baadaye utaulizwa: imesaidia? Mtu asiye na kaye hujibu kwa kukumbuka juzi. Kama juzi ilikuwa mbaya, atasema dawa haifai, kumbe siku mbaya zimepungua kutoka nane hadi nne.

## Hatua ya 2: Hesabu dawa za kutuliza

Hapa ndipo wengi wanaposhangaa. Ukiwa na migreni na ukameza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa hizo zenyewe zinaweza kuanza kukuletea maumivu ya kichwa. Kwa tramadoli, kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini au kodeini, na kwa dawa za ergotamini, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Ishara yake ni kichwa kinachokuamsha karibu kila asubuhi, kinatulia ukimeza, kinarudi jioni.

Hesabu siku, usihesabu vidonge. Vidonge sita siku moja ni siku moja. Kidonge kimoja kila siku ni siku thelathini, na huyo ndiye aliye hatarini zaidi kwa jambo hili, ingawa yeye anajiona mwenye kiasi.

Hesabu yako ikiwa juu, dawa ya kuzuia peke yake inaweza kushindwa mpaka za kutuliza zipunguzwe. Kikomo ambacho madaktari wengi hutoa ni siku mbili kwa wiki. Parasetamoli na ibuprofeni unaweza kuziacha mara moja. Jiandae tu: siku za kwanza kichwa huwa kibaya zaidi, mara nyingi kati ya siku 2 na 10, wengine hadi wiki nne, kisha hupungua. Tramadoli ya kila siku usiikate ghafla peke yako. Mwili uliokwisha kuizoea hutetemeka, hutoa jasho na kukosa usingizi, kwa hiyo daktari huishusha kidogo kidogo.

## Hatua ya 3: Hakikisha si kitu kingine

Usisubiri kumaliza mwezi wa kaye, nenda hospitali siku hiyohiyo, ikiwa:

- kichwa kimelipuka ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja, kwa namna ambayo hujawahi kuiona;
- una homa na shingo imekakamaa, au umechanganyikiwa;
- mkono, mguu au upande wa uso umelegea, au maneno hayatoki;
- una mimba au umejifungua karibuni, na kichwa kikali kimekuja pamoja na tansio ya juu au kuona vibaya;
- umegongwa kichwani;
- una virusi vya ukimwi au saratani na maumivu haya ni mapya;
- umepita miaka 50 na hujawahi kuwa na migreni maishani.

Na kwetu hapa, homa na kichwa maana yake ni kupima malaria kwanza. Lakini kinyume chake pia ni kweli, na sisemi hili kwa furaha: kuna watu wanaotibiwa malaria kila mwezi, bila homa na bila kipimo, na walichonacho ni migreni. Ikiwa "malaria" yako inakuja siku mbili kabla ya hedhi kila mara, mpelekee daktari kaye.

## Hatua ya 4: Kwa daktari, na anachokipima

Watu huomba "ile ya nguvu". Dawa za kuzuia hazipangwi kwa nguvu. Zile za kawaida hukaribiana kwa uwezo. Kinachozitofautisha ni magonjwa mengine uliyo nayo, kazi unayofanya, na madhara unayoweza kuyavumilia. Tumchukue mama mmoja tumfuate mpaka mwisho.

Ana miaka 34, anauza vitenge katika soko la komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi. Kaye yake ya mwezi mmoja inasema: siku 13 za kichwa, kati yake 8 zina alama ya M, na tatu kati ya hizo hakufungua meza. Dawa za kutuliza amezimeza siku 17, nyingi zikiwa parasetamoli. Tansio ni 118/76, mapigo ya moyo 72 kwa dakika, uzito kilo 84. Anaamka saa kumi usiku kuwahi soko. Alikuwa na pumu utotoni, na bado kifua kinambana msimu wa vumbi, mwezi wa nane na wa tisa. Anataka kuzaa tena, "Mungu akisaidia", na hatumii njia yoyote ya uzazi wa mpango.

Daktari anaanza na propranololi. Ni ya zamani, haina bei kubwa, na imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa kazi hiihii ya kuzuia migreni. Kwa mtu mwenye tansio ya 150/95 ingekuwa chaguo zuri sana, kwa kuwa ingefanya kazi mbili. Lakini propranololi hubana njia za hewa, na kwa mwenye pumu inaweza kuleta shambulio la kufa. Pumu ya "zamani" ni pumu. Mama huyu angesahau kuitaja, angeondoka na ordonansi ya hatari mkononi. Propranololi haifai pia kwa mwenye mapigo ya moyo ya polepole sana au aina fulani za hitilafu ya umeme wa moyo. Mwenye kisukari anayejidunga insulini huangaliwa kwa makini, kwa sababu dawa hii inaweza kuficha mapigo ya haraka na mtetemeko vinavyomwonya kwamba sukari imeshuka. Na mbeba magunia, au mchimbaji, aambiwe mapema: moyo hautapanda kasi kama zamani, mlima utamchosha zaidi.

Daktari anapita kwenye valproati. Inazuia migreni, hilo halina ubishi. Lakini mama akishika mimba akiwa anaimeza, karibu mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kilema kikubwa, na watoto watatu hadi wanne kati ya kumi hupata shida za ukuaji wa akili. Kwa mwanamke anayeweza kuzaa, kwa ajili ya migreni, haiandikwi. Ukiona umeandikiwa nawe uko katika umri wa kuzaa, uliza palepale, bila haya. Topiramati nayo inamdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo kwa mama huyu asiye na uzazi wa mpango imetoka.

Inabaki amitriptilini. Inaleta usingizi, na mama huyu analala vibaya, kwa hiyo kero ya dawa inaweza kugeuka faida. Upande wa pili wa mizani: inaongeza hamu ya kula, na ana kilo 84 ambazo hazipendi. Inaweza pia kumwamsha saa kumi akiwa mzito. Daktari anauliza kuhusu moyo, macho yenye presha ya ndani, na shida ya kukojoa, kwa sababu hayo yangeizuia. Hana. Anauliza kama anameza tramadoli. Aliwahi, "kidogo tu", kutoka kwa muuzaji wa kando ya barabara. Hapo daktari anakuwa mkali, na ana haki: tramadoli pamoja na amitriptilini inaweza kuleta degedege.

Juu ya mimba wanakubaliana hivi: asijifiche. Akianza kutafuta mtoto, arudi kabla, waamue pamoja kama dawa iendelee, ishushwe au iachwe. Migreni ya wanawake wengi hupungua yenyewe kuanzia mwezi wa nne wa mimba.

Kuna swali moja ambalo hakuulizwa ndani ya dakika hizo na wewe ulitaje mwenyewe: je, kabla ya kichwa kuanza unaona vimulimuli, mistari ya kona kona, au sehemu ya macho inakuwa na giza kwa muda wa dakika 5 hadi 60? Mwenye dalili hizo asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa hatari ya kiharusi inapanda. Sindano ya miezi mitatu na kipandikizi cha mkononi hazina estrojeni.

Utasikia pia juu ya sindano mpya za kila mwezi zilizotengenezwa kwa ajili ya migreni pekee. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Zinasaidia wengi na madhara yake ni machache. Ila ni ghali mno na zinatakiwa kukaa kwenye baridi safari yote. Usiziuzie kiwanja ilhali hujajaribu dawa mbili za kawaida kwa kipimo kamili.

## Hatua ya 5: Anza chini, panda polepole

Vipimo vifuatavyo ni vya kukusaidia kuelewa ordonansi yako. Usijiandikie.

Amitriptilini kwa kawaida huanza na 10 mg jioni. Farmasi ikiwa na za 25 mg tu, daktari anaweza kuanza na nusu. Hupandishwa kila wiki moja au mbili, na wengi hutulia kati ya 25 na 75 mg. Mama wetu alianza na nusu ya kidonge cha 25 kwa wiki mbili, kisha kizima, akabaki hapo.

Saa ya kumeza ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukimeza saa nne usiku na kuamka saa kumi, dawa bado inakushika kichwa. Yeye anameza saa moja jioni, akiwa anasonga bukari, na saa tatu usingizi unamchukua.

Propranololi kwa kawaida huanza na 20 mg asubuhi na 20 mg jioni. Hupanda taratibu hadi 80 mg kwa siku, na ikibidi 160. Kabla ya kuongeza, hesabu mapigo yako asubuhi ukiwa umekaa: vidole viwili juu ya mshipa wa mkono chini ya kidole gumba, dakika nzima kwa saa ya simu. Yakiwa chini ya 50, au ukiona kizunguzungu ukisimama, usiongeze. Mpigie daktari kwanza.

Kosa la kawaida: kuruka hatua kwa sababu siku ya kwanza "sikusikia kitu". Hutakiwi kusikia kitu. Anayeanza na amitriptilini ya 50 mg usiku wa kwanza huamka saa tano mchana na mdomo mkavu, kisha huenda kuutangazia mtaa mzima kwamba dawa hiyo ni sumu.

Onyo: amitriptilini nyingi kwa mpigo inaua, na mtoto mdogo anahitaji vidonge vichache tu. Iweke mahali pa juu penye kufungwa. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie daktari kabla hajaandika, na atakupa vidonge vya siku chache au atachagua dawa nyingine.

## Hatua ya 6: Subiri, ukiendelea kuhesabu

Toa hukumu baada ya wiki 8 kwenye kipimo kamili. Ukijumlisha na wiki za kupanda, ni kama miezi mitatu. Madhara huja mwanzoni na faida huchelewa, kwa hiyo wiki ya tatu ndiyo wiki ya kuacha kwa watu wengi. Ukijua hilo mapema utaivuka.

Kaye ya mama wetu ilikwenda hivi:

- Kabla ya dawa: siku 13 za kichwa, M 8, siku 17 za kutuliza.
- Mwezi wa kwanza: siku 12, M 7, siku 9 za kutuliza.
- Mwezi wa pili: siku 9, M 5, siku 7.
- Mwezi wa tatu: siku 6, M 3, siku 5.

Mwisho wa mwezi wa kwanza alisema, "Haifanyi kitu." Ukiangalia M peke yake, karibu ana haki. Lakini wiki ya kwanza ya mwezi huo ndiyo aliyokuwa akipunguza parasetamoli, na kichwa kilimchapa. Kipimo cha kufaulu ni siku za migreni kupungua kwa nusu au zaidi. Kutoka 8 hadi 3 ni zaidi ya nusu. Hazikwisha, na hakuna aliyemwahidi zitakwisha.

Utauliza: je, ni dawa iliyomsaidia, au ni kupunguza parasetamoli? Huenda vyote viwili. Hakuna namna ya kuvitenganisha kwa mtu mmoja, wala hapana haja.

Juu ya kufunga. Watu wengi hapa hufunga kula kanisani siku tatu au zaidi, na mkesha juu yake. Kukaa bila kula na kukosa usingizi ni mambo mawili yanayoamsha migreni kwa urahisi. Sisemi usisali. Ila usianze dawa wiki ya mfungo, na usitumie mwezi wa mfungo kupima kama dawa inafaa. Na siku za kufunga, kidonge usikiruke: kimeze kwa maji.

## Hatua ya 7: Kuacha nako kuna utaratibu

Ikiwa imesaidia, huendelea miezi 6 hadi 12, kisha daktari huishusha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Wengine hubaki vizuri baada ya hapo. Wengine siku mbaya hurudi na wanaianza tena.

Propranololi usiikate ghafla kamwe, hata kama pesa imekwisha. Moyo unaweza kuruka kasi, tansio ikapanda, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio. Ukibakiwa na vidonge vya siku nne, hiyo ndiyo siku ya kutafuta vingine au kumpigia daktari.

## Mambo yakiharibika

Mdomo mkavu, choo kigumu (amitriptilini). Kunywa maji, kula mapapai na mboga. Mara nyingi hupungua baada ya wiki chache. Ukishindwa kabisa kukojoa, au jicho likiuma na kuona kukawa na ukungu, nenda hospitali.

Asubuhi nzito. Sogeza saa ya kumeza mapema, kama saa mbili kabla ya kulala au zaidi. Ikiendelea, daktari arudishe kipimo cha nyuma. Pikipiki na mashine vikae pembeni mpaka ujue mwili wako unaipokeaje.

Uzito unapanda. Jipime kila wiki mbili kwenye mizani ileile. Kilo tatu katika miezi miwili ni sababu tosha ya kurudi kuzungumza juu ya dawa nyingine. Usiache kimyakimya.

Ndoto za ajabu, mikono baridi, uchovu (propranololi). Mwambie daktari, mara nyingi kushusha kipimo kunatosha. Kifua kikibana au ukianza kupiga mluzi ukipumua, hiyo si ya kusubiri, na hapo katazo la kuikata ghafla halikuhusu: usimeze kidonge kinachofuata na nenda hospitali mara moja.

Umesahau kidonge. Endelea na kinachofuata kwa saa yake. Usimeze viwili.

Umepata malaria katikati ya dawa. Mwambie anayekutibu kwamba unameza amitriptilini. Artemeta-lumefantrini, kama kwinini, inagusa umeme wa moyo, na lumefantrini pia inaweza kuongeza amitriptilini mwilini. Malaria lazima itibiwe. Anayekutibu ndiye ataamua kama amitriptilini isimame siku hizo au achague dawa nyingine ya malaria. Hawezi kuamua asichokijua, na kwenye kituo cha karibu na nyumbani mara nyingi hawana karatasi za daktari wako.

Hedhi imechelewa. Pima mimba kwanza. Valproati au topiramati: nenda kwa daktari leo. Amitriptilini au propranololi: mpigie, lakini usizikate ghafla kwa hofu.

Farmasi imekupa boksi la rangi nyingine. Soma jina la dawa lililo kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, na idadi ya mg. Jina likiwa lilelile na mg zilezile, ni dawa yako. Kidonge cha 25 kikiwa mahali pa cha 10 si dawa yako mpaka daktari akuambie kikate vipi.

Miezi mitatu imepita, M hazijapungua. Kabla ya kusema dawa imeshindwa, angalia mambo matatu kwenye kaye: ulifika kipimo kamili, au ulibaki kwenye nusu? Uliruka siku ngapi? Siku za kutuliza bado ziko juu ya 10? Yote yakiwa sawa, basi imeshindwa kweli, na daktari atabadilisha kwenda ya kundi jingine. Kushindwa kwa amitriptilini hakusemi lolote juu ya candesatani, ambayo ni dawa nyingine ya tansio isiyobana kifua. Kwa mama wetu wa vitenge ndiyo ingefuata, ila kwa sharti la uzazi wa mpango wa uhakika, kwa sababu nayo inadhuru mimba. Peleka kaye ileile, usianze mpya. Daktari wa pili anahitaji kuona mwezi wa kabla ya dawa yoyote.